Krispi za mama: paketi ndogo ya viazi au konzi kutoka mfuko wa kilo wa muhogo?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu tunaishi naye. Ana sukari aina ya pili na presha, anatumia vidonge. Wali na ugali amekubali kupunguza, ila taarifa ya habari ikianza lazima atafune kitu, na kitu chenyewe ni krispi za muhogo zenye pilipili.

Mimi nanunua mfuko wa kilo kwa mama mmoja anayekaanga mwenyewe, 8,000. Mke wangu anasema niachane na huo mfuko, tuwe tunanunua paketi ndogo za viazi za gramu 30, buku moja, kwa sababu ikiisha imeisha. Mama naye anajitetea kwamba anachota konzi moja tu. Kuna jirani kaingilia kati na kusema za ndizi ndiyo salama kuliko zote.

Kipi kina nafuu? Jibu la "aache kabisa" ninalo tayari, halijafanya kazi.

Mchuuzi Halisi
Hapo kuna hela mkuu. Kilo moja ukiipima gramu 30 unapata paketi 33. Uza mia tano mia tano, una 16,500 mkononi. Toa mifuko na usafiri, bado unacheka. Mashine ya kubana mifuko ukiona ghali, anza na mshumaa na kiwembe: kunja mdomo wa mfuko, pitisha ukingo kwenye moto, umebanika. Anza na maduka ya karibu na shule.

Kijana wa Mbagala
Mkuu, sifungui biashara. Nauliza habari ya mama.

Mtoto wa Bukoba
Mpe za ndizi, jirani yako yuko sahihi. Ndizi mbichi wanga wake hauyeyuki haraka, ndiyo maana wazee wetu walikula ndizi maisha yao yote na sukari hawakuijua. Halafu hizo za paketi zimejaa dawa za kuhifadhia. Cha mtaani unakiona kinakaangwa mbele yako.

Bi Mizani
Mwanangu, mimi ni mtu wa lishe, nimekaa na wagonjwa wa sukari kliniki miaka mingi. Kabla sijasema lolote naomba kitu kimoja. Kama una mzani wa jikoni, mwambie mama achote konzi yake kama kawaida, mimina kwenye bakuli upime. Fanya hivyo kwa muhogo, kisha kwa viazi. Usimwelekeze, achote anavyochota siku zote.

Wakati tunasubiri: Mtoto wa Bukoba, nusu yako ni kweli. Ndizi mbichi ina wanga ambao sehemu yake haisagwi haraka tumboni. Lakini moto unaipunguza sehemu hiyo, na wazee unaowasema walikula ndizi za kupika, na walilima kutwa. Krispi ni kitu kingine. Ukizilinganisha gramu kwa gramu, hizi tatu ni ndugu: gramu 100 ya yoyote ina kalori 500 na kitu. Zinapotofautiana ni kwenye mafuta na wanga. Kiazi kibichi kina maji mengi, yakitoka kwenye karai mafuta yanaingia mahali pake, kwa hiyo krispi ya kiazi karibu theluthi nzima ni mafuta. Muhogo na ndizi hunywa mafuta kidogo kuliko hapo, na pengo hilo linajazwa na wanga. Gramu 30 za viazi zina wanga kama gramu 16. Za ndizi au muhogo ni 19, 20. Kwa mwenye sukari tofauti hiyo ipo, ila si ya kugombana na jirani.

Kijana wa Mbagala
Shikamoo Bi Mizani. Nimepima, na nimeshangaa. Konzi ya mama ya krispi za viazi: gramu 12. Konzi ileile ya muhogo: gramu 22. Ya kwangu ya muhogo ni 34! Halafu nimemwacha aendelee na bakuli lake mpaka habari za michezo. Ile "konzi moja" zimekuwa tatu.

Bi Mizani
Marahaba. Sasa umeshaona mwenyewe. Krispi ya kiazi ni nyembamba na imejikunja, mkono unabeba hewa. Ya muhogo ni nene na imenyooka, zinalaliana. Kwa hiyo mkono uleule unabeba karibu mara mbili, na macho hayatambui.

Tufanye hesabu ya mama. Konzi tatu za gramu 22 ni gramu 66. Wanga ndani yake ni kama gramu 43, na hicho ni karibu kikombe kizima cha wali uliopikwa. Yaani ule wali mliompunguzia mchana umerudi jioni kwa mlango wa nyuma. Kalori ni zaidi ya 300. Angekula paketi ya gramu 30 ya viazi angepata wanga 16 na kalori kama 160.

Mkeo ana hoja, lakini kinachomsaidia pale ni ile gramu 30, kiazi chenyewe hakina cha ajabu. Muhogo uliopimwa gramu 25 na kufungwa utafanya kazi hiyohiyo. Angalizo moja: paketi kubwa za dukani nyingi zimeandikwa kalori na chumvi "kwa gramu 30" wakati ndani kuna gramu 100 au zaidi. Mtu anasoma lebo, anafurahi, anamaliza paketi yote.

Mama Karai
Naomba nichangie upande wa karai maana ndiyo kazi yangu. Nakaanga muhogo na ndizi Temeke. Mmeongea sukari, mzee ana presha pia, na kwenye mfuko wa kilo tatizo la chumvi halionekani.

Mimi kwa kilo ya krispi zilizokwisha iva natia kama vijiko vitatu vya chai vya chumvi. Ukigawa sawasawa, gramu 30 inapata karibu nusu gramu ya chumvi, haipishani sana na paketi za viwandani. Shida ni kwamba chumvi haigawanyiki sawasawa. Krispi inashika chumvi ikiwa ya moto, mafuta bado yanang'aa juu yake. Wengi wanakaanga karai nne tano, wanarundika kwenye beseni, zikishapoa ndipo wanamwaga chumvi na pilipili. Hiyo haishiki. Ukiubeba mfuko kwenye bodaboda inashuka yote chini pamoja na vumbi la krispi. Wiki ya kwanza mnasema hazijakolea, mwisho wa mfuko mnakula chumvi tupu.

Kujua ni rahisi. Shika mfuko, angalia pembe za chini. Ukiona unga mwekundu na mweupe umejikusanya, ndiyo hizo. Na mafuta: nusa kabla ya kulipa. Krispi ya mafuta yaliyorudiwa sana ina harufu ya rangi ya mlango, na inaacha ukakasi kooni. Usinunue pia mfuko unaopitisha mwanga ulioning'inizwa juani, mafuta yanaharibika hata kama zimekaangwa jana.

Bi Mizani
Mama Karai, hilo la chini ya mfuko sijawahi kuliona kwenye kitabu chochote, asante. Kwa kipimo: mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku kwa vyakula vyote, kijiko kimoja cha chai, na mchuzi peke yake unakula sehemu kubwa. Kwenye lebo mtaona imeandikwa sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 180 za sodiamu ni chini kidogo ya nusu gramu ya chumvi.

Pwani Asili
Huku Mombasa twaziita kachri, na kachri za muhogo bila ndimu na pilipili si kachri. Sasa hapo ndipo pa kuokoa mambo: nunua zisizo chumvi kabisa, kisha mkamulie ndimu na umnyunyizie pilipili ya unga wakati wa kula, si kabla, zitalainika. Babangu ana presha na hakugundua. Lakini mchanganyiko wa pilipili wa tayari uangalie, mwingine ni chumvi iliyotiwa rangi.

Dereva Msafiri
Mimi nina sukari, na krispi natembea nazo kwenye gari makusudi. Nikihisi kutetemeka na jasho, natafuna konzi mbili narudi sawa. Kwa hiyo kwa mama zinaweza kuwa na faida, asinyimwe.

Bi Mizani
Dereva, tafadhali badilisha hilo leo, hasa kwa kuwa uko kwenye usukani. Sukari ikishuka unahitaji kitu kinachoingia kwenye damu haraka, na mafuta ya krispi yanachelewesha. Weka soda ya kawaida yenye sukari, au vijiko vitatu vinne vya sukari vya kukoroga kwenye maji. Simamisha gari, unywe, subiri robo saa upime. Krispi itakuja kupandisha baadaye ukiwa umeshasahau.

Na hilo linamhusu mama pia. Akipima asubuhi tu, hataiona krispi ya jana kwa urahisi. Apime kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kula, na siku nyingine saa tatu au nne baada, kwa sababu ya hayo mafuta. Kila mtu na mwili wake, siwezi kumsemea kipimo kitakavyotoka.

Mtoto wa Bukoba
Kwa hiyo ndizi sio bora? Bado sijakubali kuhusu paketi. Kitu kinachokaa miezi kwenye rafu bila kulainika lazima kina kitu.

Mama Karai
Kina hewa. Ile paketi iliyovimba wanaijaza naitrojeni, na ndani imepakwa utando unaong'aa usiopitisha mwanga wala unyevu. Ukiifungua hapa Dar ukaiacha, kesho imelala kama ya kwangu.

Kijana wa Mbagala
Nimekaa na mke wangu tukapiga hesabu. Paketi za viazi kilo yake inafika 33,000 na ushee, ya muhogo ni 8,000. Hata mama akila zile 66 zote ni kama 530, bado bei ni nusu ya paketi. Kwa mfuko wangu siwezi kuhama. Kwa hiyo nachukua mbinu ya Mchuuzi, samahani mkuu nilikukatisha: mfuko ukifika napima gramu 25, nafunga kwa mshumaa siku hiyohiyo, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko kabatini. Kimoja kwa jioni. Mke wangu bado anasema mama atafungua viwili, na sina jibu la hilo.

Mama Karai, nikimwambia yule mama anitolee zisizo na chumvi atakubali?

Mama Karai
Atakubali ukimwambia mapema, kabla hajaweka karai la kwanza, na uchukue kilo nzima. Mwambie zako azitoe kwanza azitenge kwenye ungo wake, usikubali za "kukung'uta". Bei isipungue wala kuzidi. Akikwambia zisizo na chumvi zinaharibika haraka, anakudanganya, kinachoziharibu ni mafuta.

Mchuuzi Halisi
Mkuu, ukishazoea kubana, namba ya maduka ya Mbagala ninayo. Niulize.