MREJESHO: Maneno ya chini kwenye video, kuchoma au faili la SRT?

Niliuliza: "Video moja naipeleka YouTube na status ya WhatsApp, maneno niyachome kwenye picha au niweke SRT pembeni?"

Wakuu asanteni sana, nimefuata ule ushauri wa kutengeneza kopi mbili. YouTube nimepandisha video safi na SRT yake, na imenisaidia kweli maana baadaye nikaona nimeandika "mahari" badala ya "mahali", nikasahihisha lile faili tu, video sikuigusa. Status haina sehemu ya kuweka SRT, ndo maana kopi ya status nikaichoma maneno:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vf "subtitles=maneno.srt:force_style='MarginV=70'" -c:a copy status.mp4
```

Mara ya kwanza sikuweka MarginV, mstari wa chini ukafunikwa na yale maelezo ninayoandika chini ya status, 70 ikaupandisha kama robo ya kimo cha picha na sasa unasomeka vizuri. Kilichofeli ni hiyo "mahari", kwenye kopi ya kuchoma ilibaki, ikabidi nirenda upya, nifute na kupost tena, na waliokwisha kuiangalia ndo basi. Ukichoma, soma SRT yote kwanza, na ile kopi usiipeleke YouTube, mtu akiwasha CC maneno yanapandiana.