Msaada: majina ya wateja wetu wa Msumbiji yamejaa Ã na £

BintiMikindani: Habari za jioni ndugu zangu. Nipo Mtwara mjini, duka la vifaa vya ujenzi. Wateja wengi wanavuka Ruvuma kutoka Palma na Mocímboa da Praia. Nilidabo-kliki faili la CSV la majina yao likafunguka kwenye Excel, nikalisevu kama "CSV UTF-8". Sasa João anasomeka João. Kesho naliingiza kwenye mfumo mpya. Nifanyeje?

Kaka_Nachingwea: Tumia Find & Replace tu, Ã weka í. Mimi Mocímboa ilinyooka dakika moja.

BintiMikindani: Nimejaribu kwenye nakala. Mocímboa inaonekana sawa, lakini João amekuwa Joí£o!

BabuLindi: Kwangu ni ng’ombe, inatoka ng’ombe. Ni ile alama ya juu iliyopinda ya Word. Nilibadili fonti, haikusaidia.

FundiShangani: Babu shikamoo. Fonti haihusiki, ugonjwa wako na wa dada ni mmoja. Kwenye UTF-8 herufi ã ni baiti mbili, C3 na A3. Excel ikizisoma kwa Windows-1252, kila baiti inakuwa herufi yake: Ã na £. Dada aliposevu, makosa yakaandikwa kama maandishi halali. Ile alama yako ni baiti tatu, ndiyo maana unaona vitu vitatu.

Kaka, í ni C3 na AD, na AD ni kistari laini kisichoonekana. Umebadili Ã peke yake, kistari kimebaki ndani ya neno. Tafuta Mocímboa kwenye mfumo, hutaipata.

Dada, acha hiyo nakala, rudi kwenye faili la kabla ya kubadilisha. Kama lile la mwanzo kabisa bado lipo, lifungue kwa Data > From Text/CSV, uchague 65001: Unicode (UTF-8), umemaliza. Kama halipo, soma faili kwa `utf-8-sig`, kisha pitisha kila seli hapa:

```python
def rudisha(s):
    try:
        return s.encode("cp1252").decode("utf-8")
    except UnicodeError:
        return s
```

Jina ambalo tayari ni zima litagoma kugeuzwa na litabaki lilivyo.

BintiMikindani: La mwanzo nilisevu juu yake, kwa hiyo nimetumia hiyo. João na Conceição wamerudi, na Mocímboa inapatikana nikiitafuta! Ila Álvaro bado anaanza na Ã, na wawili wameandikwa Jo?o.

FundiShangani: Á ni C3 na 81, na cp1252 ya Python haina nafasi ya 81, kwa hiyo seli nzima imeachwa. Hao andika kwa mkono, jina lote upya, usifute Ã tu. Alama ya kuulizia ni habari nyingine: herufi ilishapotea kabla, hakuna amri ya kuirudisha. Una risiti zao za karatasi?

BintiMikindani: Za mmoja ninazo.

BabuLindi: Mwanangu, hiyo amri naiandika wapi? Kompyuta yangu haina Python.