Naomba ushauri: maelekezo ya kumpa mbunifu wa nembo

Wakuu, habari zenu. Nafungasha karafuu na mdalasini hapa Unguja, nauza zaidi kwa watalii. Nimempata mbunifu wa kujitegemea wa kunitengenezea nembo, rangi na herufi za chapa. Kwenye maelekezo nimeeleza wateja wangu na mahali nembo itakapokaa: lebo ya sentimita 3, na muhuri wa wino mmoja kwenye mifuko ya khaki, kwa hiyo lazima isomeke hata bila rangi. Nimeomba pia mafaili ya vekta, SVG na PDF.

Nilipokwama ni kwenye rangi. Nimtajie ninazotaka, au nimwonyeshe tu pakiti za washindani, nimweleze nataka kutofautiana nao, kisha nimwachie? Naogopa nikisema "kahawia" ataniletea kilekile kilichojaa soko la Darajani. Na umiliki wa nembo niuandike kwenye maelekezo hayo hayo, au kwenye mkataba?