Naombeni ushauri: mteja wa nje haelewi Kiingereza changu cha heshima, au anajifanya?

Kijana_Ipuli
Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini, nafanya biashara ndogo ya asali. Kuna mteja wa nje tunawasiliana kwa barua pepe. Nikimwandikia ombi ananijibu vizuri, anashukuru, halafu hafanyi kitu. Rafiki yangu anasema nazunguka sana, nitumie could na would. Naogopa nisionekane sina adabu, maana ni mtu mzima, umri wa baba yangu. Hizo could na would zina heshima kweli, au ni amri tu?

Mwl_Zamu
Could ni wakati uliopita wa can. Ukiandika "Could you send" unamuuliza kama jana aliweza kutuma. Andika "Please send", inatosha.

Mzee_Kanyenye
Vijana mnanyenyekea mno. Enzi zetu reli tukiomba likizo tunaanza "I have the honour to request", tunamaliza "your obedient servant". Na likizo nilipata, nikaenda Urambo kuoa. Mke huyo ndiye ninaye mpaka leo, alhamdulillah.

Nyuki_Mkali
Shikamoo mzee. Sasa aliyeoa kwa barua ni wewe au ni karani?

Dada_Forodha
Kijana_Ipuli, weka hapa maneno yenyewe uliyoandika. Na unaomba kitu gani? Bila hayo mawili tunapiga ramli.

Kijana_Ipuli
Ni ombi la kawaida la kibiashara dada. Niliandika hivi:

```
I was just wondering if you might possibly be able
to look into the matter whenever it is convenient for you.
```

Akajibu "Thanks, will do." Kimya mpaka leo.

Dada_Forodha
The matter ipi?

Kijana_Ipuli
Salio.

Nyuki_Mkali
Eeh! Kumbe tunadai.

Kijana_Ipuli
Si kudai kwa ubaya. Ndoo 15 za lita 20, kama kilo 420, dola 4 kwa kilo. Jumla dola 1,680. Alitanguliza nusu, imebaki 840. Makubaliano yalikuwa amalizie mzigo ukifika, na ulifika. Sikutaka kulitaja deni waziwazi, ningemwaibisha.

Dada_Forodha
Ungesema hilo mwanzo, kaka. Nimekaa miaka mingi ofisi ya kutoa mizigo na barua za namna hii nimezisoma mpaka nikazichoka.

Tuichambue. "I was wondering" inamweleza kwamba ulikuwa unawaza. Ni taarifa, ndiyo maana hata alama ya kuuliza huna mwishoni. Mtu akipewa taarifa anashukuru, naye kashukuru. "Might" inapunguza uzito, "possibly" inapunguza tena, "be able to" inampa nafasi ya kusema hakuweza. Hapo bado ungepona, lakini ukamalizia na "whenever it is convenient", yaani tarehe apange yeye. Na "look into" siyo kulipa, ni kuliangalia jambo. Ameshaliangalia. Ulichomwomba ametimiza!

Mwl_Zamu, kwa heshima, could ya kuomba haina jana. Ingekuwa ya jana, mtu asingeandika "Could you come tomorrow?", na watu wanaandika kila siku. Ile could inalegeza tu ombi, na inamwachia mwombwa nafasi ya kukataa bila kugombana. Kulegeza mara moja kunatosha. Ningeandika:

```
Could you transfer the balance of USD 840 for the
15 buckets by Friday 20 June?
Would you also send me the transfer slip?
```

Kiasi kipo, mzigo upo, siku ipo, na kuna swali linalotaka ndiyo au hapana. Heshima haijapungua.

Mwl_Zamu
Sawa, nakubali hiyo ya kesho. Lakini kwa nini mstari wa pili ni would? Si achague moja?

Dada_Forodha
Could inagusa uwezekano, would inagusa utayari. Kwenye pesa naanza na could, maana "Would you pay me" inaweza kusikika kama umechoka naye. Kwenye kitu kidogo kama risiti, would haina ubaya. Waingereza wenyewe hawakubaliani sana juu ya hili, usilifanye sheria.

Mwanga_Kigoma
Mimi niko Kigoma, nauza mawese. Natumia "Would you mind to pay" na nalipwa. Heshima tupu.

Dada_Forodha
Unalipwa kwa sababu mteja wako ni mwema. Baada ya would you mind inakuja paying, siyo to pay. Na angalia jibu: akisema "No" maana yake amekubali, haoni tabu kulipa. Nimeona karani akiondoa mzigo kwenye ratiba kwa "No" hiyo.

Mwanga_Kigoma
Kumbe! Kuna mmoja alinijibu "No, not at all", nikamnunia.

Sitaki_Utani
Wakuu, hii ni chai. Mtu anauza asali nje ya nchi halafu anashindwa kudai 840? Na ndoo 15 zimeondoka kwa nusu bei? Huyu ni mwanafunzi, anatafutiwa majibu ya zoezi la Kiingereza. Alete ankara hapa.

Nyuki_Mkali
Na mimi nilishangaa kusikia lita 20. Ndoo ya lita 20 inatoa kilo 28 za asali? Si kilo 20?

Kijana_Ipuli
Asali ni nzito kuliko maji ndugu yangu, lita moja ni karibu kilo 1.4. Piga hesabu mwenyewe. Ankara ya mteja siweki mtandaoni. Asiyeamini aache. Mimi nina haraka, ndoo nyingine 20 ziko stoo zinasubiri treni ya kwenda Dar.

Dada_Forodha
Ndoo 20 za nani?

Kijana_Ipuli
Zake. Nimeshamwahidi. Nikizizuia ataona namkomoa kwa ajili ya 840. Wafugaji wa Sikonge wameshaleta asali, nikiiweka nitauza wapi?

Mzee_Kanyenye
Mwanangu, hapo shida siyo Kiingereza.

Sitaki_Utani
Sasa ndiyo naanza kuamini. Chai haiwi na ujinga mkubwa hivi.

Dada_Forodha
Ndoo ni uamuzi wako, mimi nilijibu lugha. Ila usichanganye mambo mawili kwenye barua moja, maana atajibu la mzigo na kuliruka la pesa. Nao mzunguko una mahali pake: ungekuwa unamwomba akuunganishe na mnunuzi mwingine, jambo ambalo hawajibiki nalo, "I was wondering if you could introduce me" ingefaa kabisa. Deni siyo fadhila.

Kijana_Ipuli
Nimetuma sasa hivi. Niliongeza "Sorry to disturb you" mwanzoni, roho iligoma.

Nyuki_Mkali
😂😂

Kijana_Ipuli
Wakuu, kajibu ndani ya saa moja! Anasema "Could you send me your bank details again?" Lakini akaunti ipo kwenye ankara, na nusu ya kwanza aliitumia hiyohiyo. Anavuta muda au kaipoteza kweli?

Mwanga_Kigoma
Anavuta muda.

Mwl_Zamu
Kaipoteza. Watu wazima tunapoteza vitu.

Dada_Forodha
Mtumie akaunti, rudia tarehe 20, na safari hii usiombe radhi. Ndoo zimepanda treni?

Kijana_Ipuli
Kumi zimepanda.