Mavuno mawili yameingia mwaka mmoja, na mahindi bado yako stoo. Ritani najazaje?

mkulima_cherangani:
Wakuu habari zenu. Niko Trans Nzoia, nalima ekari 20 za mahindi na nina ng'ombe wa maziwa sita. Mnajua huku tunavuna mwisho wa mwaka na bei ya Disemba ni ya kulia tu, kwa hivyo mwaka juzi nilivuna gunia 400 nikaweka 20 za nyumbani na 380 nikazifungia stoo. Mwaka huo sikuuza hata debe, niliishi na maziwa, kama 40,000 kwa mwezi. Mwaka jana Mei nikafungua stoo nikauza zote 380 kwa 3,500, halafu Disemba karo ikanibana nikauza 200 za mavuno mapya kwa 3,000, nikatoa na ndume wawili 150,000. Ukijumlisha na maziwa inafika 2,560,000, na bado gunia 225 ziko ndani.

Sasa kijana wa saiba ananiambia nijaze thamani ya stoo na ya ng'ombe wote kama mapato ya mwaka jana. Yaani nilipe kodi ya mahindi ambayo panya bado wanakula? Na mwaka juzi alinijazia nili. Naombeni ushauri kabla ya 30 Juni.

Baba Chebet:
Kaka usijisumbue, mazao ambayo hayajasindikwa hayana kodi. Mahindi, maziwa mabichi, yote iko kwa sheria. Huyo kijana anatafuta hela ya kujaza fomu.

hesabu_za_shamba:
Baba Chebet, hiyo unayosema ni VAT. Ni kweli mahindi hayatozwi VAT, lakini kodi ya mapato ni kitu kingine na mkulima yumo kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Mkulima, kijana wa saiba amechanganya mambo. Kwanza jiulize uko kapu gani. Mauzo ya mwaka yakizidi milioni moja mpaka milioni 25 unaangukia TOT, yaani 3% ya mauzo tangu Julai 2023, unajaza na kulipa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiwa huko stoo haiulizwi kabisa. Gunia linahesabiwa siku limeuzwa. Kwa mwaka jana ni 3% ya 2,560,000, ambayo ni 76,800, na nyingi ilifaa uwe umelipa kufikia 20 Juni kwa yale mahindi ya Mei. Chini ya milioni moja, kama mwaka juzi, hauko TOT, unajaza ritani ya kawaida ya faida na hasara. Huko ndiko stoo inaingia.

mkulima_cherangani:
Inaingia aje na sijauza? Mwaka juzi mbegu, mbolea, trekta na vibarua vilikula 720,000, na chakula na dawa za ng'ombe 260,000. Maziwa yalileta 480,000. Si hiyo ni hasara ya nusu milioni?

hesabu_za_shamba:
Hapo ndipo wengi hujikwaa. Zile 720,000 hazikupotea, zimelala ndani ya magunia 400. Gawanya, kila gunia limekugharimu 1,800. Mwaka unapofungwa 31 Disemba unahesabu magunia yaliyo stoo na kuyaandika kwa 1,800 hiyo, SIO kwa 3,500 unayoota kuuzia. 380 mara 1,800 ni 684,000, hiyo inatolewa kwa gharama za mwaka juzi inasubiri mwaka utakaouza. Zile 20 mlizokula nyumbani, 36,000, nazo hazikatwi kwa sababu ni chakula chako si gharama ya biashara. Kwa hivyo mwaka juzi umebaki na maziwa toa chakula cha ng'ombe, faida 220,000. Kodi yake 10% ni 22,000 na ile nafuu ya kila mtu ya 28,800 kwa mwaka inaimeza yote. Hulipi kitu, lakini nili haikuwa sahihi, ulikuwa na mapato. Rekebisha kwa iTax.

Bei ya soko unaitumia tu ikiwa imeshuka chini ya gharama. Dumuzi wakiingia gunia likabaki la kuuzia mtu wa kuku kwa 1,000, basi unaliandika 1,000.

Nyambura wa Kondoo:
Mimi swali langu ni hiyo TOT. Niko Narok, mwaka wa ukame niliuza kondoo karibu wote kwa bei ya kutupa kabla wanifie, mauzo yakapita milioni, nikalipa 3% na mfukoni nina hasara tupu. Hiyo ni haki gani? Afadhali faida na hasara.

hesabu_za_shamba:
Pole Nyambura, ndio ubaya wake, TOT haijui hasara. Unaruhusiwa kumwandikia Komishna utoke uende kodi ya kawaida, na huko hasara ya shamba unaibeba mbele, ila inakatwa kwa faida ya shamba tu, si kwa mshahara wala nyumba za kupanga. Lakini usikimbilie. Nimempigia huyu wa Cherangani hesabu ya mwaka jana kwa njia ya kawaida: mauzo 2,560,000, toa stoo ya mwanzo 684,000, toa gharama za mwaka, tuseme 1,120,000, rudisha gunia 225 kwa gharama ya kama 2,000, yaani 450,000. Faida 1,206,000, kodi 270,400 baada ya nafuu. TOT ni 76,800. Na hiyo ni kama gharama zote zinakubaliwa, kwa sababu siku hizi gharama nyingi zisizo na risiti ya eTIMS zinakataliwa. Mwenye trekta wako ana eTIMS?

mkulima_cherangani:
Hehe. Niko na daftari na alama za chaki kwa mlango wa stoo.

hesabu_za_shamba:
Hizo chaki zipige picha kila 31 Disemba, mimi sicheki. Na ukienda kodi ya kawaida kumbuka mkulima halipi awamu nne kama wengine, ni 75% kufikia 20 Septemba na 25% kufikia 20 Disemba, ikiwa kodi ya mwaka imezidi 40,000. Usipige awamu kwa 110% ya kodi ya mwaka uliopita kama ule ulikuwa wa mavuno mawili, kadiria mwaka wenyewe.

Mzee wa Ledja:
Na ndama waliozaliwa nyumbani? Hawakununuliwa, gharama yao ni gani? Kuna wahasibu wanaandika ng'ombe kwa bei ya mnada kila mwisho wa mwaka.

hesabu_za_shamba:
Kwa vitabu vya kampuni sawa. Kwa kodi mimi siwezi kumtoza mtu faida ya mtamba ambaye bado anakula nyasi, naandika gharama ya kumlea.

Mzee wa Ledja:
Gharama ya kulea ushaikata kwa chakula, ukiiandika tena unairudisha. Mimi nimeona afisa akikubali bei ya mnada na mwingine akiikataa, ofisi moja.

hesabu_za_shamba:
Kuirudisha ndio maana yake, mzee, kama mahindi. Lakini ukweli wakulima wengi kundi lao ni lilelile Januari na Disemba, zinafutana.

mkulima_cherangani:
Mimi wa maziwa walikuwa sita na sita wamebaki. Sasa hiyo TOT ya mwaka jana sikuwahi hata kuisajili kwa PIN yangu, naanzia wapi?

hesabu_za_shamba:
Ongeza hilo jukumu kwa iTax, weka tarehe ya Januari mwaka jana, ujaze miezi kumi na miwili mmoja mmoja. Penalti itakuja. Mwezi wa Mei ndio mzito, anza na huo.