Mrejesho: kuwagawa wateja wa chakula cha kuku, Kisumu

Niliuliza: "Nina oda za mwaka mzima kwenye Excel. Nitawagawaje wateja ili ofa isiende kwa kila mtu?"

Asanteni wakuu. Nilianza kusawazisha namba za simu, maana 07 na 2547 zilifanya mteja mmoja aonekane wawili. Kisha kwa kila namba nikatoa idadi ya oda, jumla ya pesa na siku tangu oda ya mwisho (namba za oda zote ziko A, tarehe B, na orodha ya wateja bila kurudia namba iko F):

```
=TODAY()-MAXIFS(B:B,A:A,F2)
```

Ili kuwapa alama nikawagawa wateja mafungu matano yenye watu sawa. Yalikubali kwa pesa, kwa idadi ya oda yakagoma: zaidi ya nusu wamenunua mara moja tu, sasa nani akae juu ya nani? Nikaweka mipaka kwa mkono: oda 1, 2 hadi 3, 4 kwenda juu.

Utamu uko kwenye siku. Mama mmoja wa Mamboleo, mfugaji wa broila, alionekana amepotea siku 48. Kumbe ameuza kuku, anapumzisha banda kabla ya kuleta vifaranga. Lakini wa kuku wa mayai akinyamaza siku 20, huyo ana duka lingine. Kuku wake wanakula kila siku. Kwa hiyo nimetenganisha broila na mayai kabla ya kutoa alama.

Ofa ya kupelekewa bure imeenda kwa wa mayai waliokuwa wakinunua sana na sasa kimya. Nusu yao sijawatumia kitu makusudi, nione wangapi watarudi wenyewe. Wa kila wiki sijawapunguzia bei. Hao wananunua tu.