Sivi ya kurasa tatu iingie ukurasa mmoja: herufi ndogo, safu mbili ama kukata?

Mchunga_Depo, Goma
Ndugu zangu, naomba kazi ya msaidizi wa lojistiki kwenye shirika moja hapa Goma. Tangazo linataka ukurasa mmoja, yangu ina tatu. Nimefanya kazi kwenye depo tatu, kila moja nimeiandikia majukumu mistari mitano, halafu kuna semina 14. Nipunguze herufi hadi 8, nichukue modeli ya safu mbili, ama nikate?

Kadutu_Juu, Bukavu
Safu mbili. Lugha na kompyuta zikae kushoto, kazi kulia. Mimi niliitwa kwenye mahojiano na sivi ya namna hiyo.

Yaya_Himbi, Goma
Safu mbili ni nzuri kama sivi inafunguliwa na mtu. Ukiipakia kwenye fomu ya mtandaoni, programu inaweza kuisoma moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia na kuchanganya safu zote. Jaribu hivi: fungua PDF, bonyeza Ctrl+A na Ctrl+C, kisha bandika kwenye Notepad. Ukikuta "Kifaransa" imekaa katikati ya miaka ya kazi, modeli hiyo usiitume huko.

Herufi 8 inachosha macho, hasa sivi ikichapishwa. Usishuke chini ya 10.

Mimi ningekata. Depo zako tatu nadhani zinarudia maneno yale yale: kupokea vitu, kujaza fishi ya stoki, kufanya inventeri. Eleza ya mwisho peke yake, kwa mistari minne yenye vipimo: tani ngapi, vitu gani, watu wangapi chini yako, inventeri kila lini. Zile za zamani zipate mstari mmoja mmoja wa cheo, mahali na miaka. Ukihesabu na vichwa, mistari 18 inakuwa 7. Semina, bakiza zile tu zinazogusa stoki na usalama wa depo. Kabila, jina la baba na shule ya msingi, toa.

Mama_Katuba, Lubumbashi
Mtoto wangu amemaliza chuo juzi, hajafanya kazi bado. Ukurasa wenyewe haujai. Aweke nini?

Yaya_Himbi
Mama, staji yake aieleze kama kazi: alifanya nini, wapi, miezi mingapi. Ukurasa usipojaa si tatizo.

Kadutu_Juu
Na watu wa kuulizwa habari zako? Watatu wanakula mistari sita, si afadhali kuwatoa?

Yaya_Himbi
Tangazo likiwaomba, huwezi kuwatoa. Jina, cheo, simu na barua-pepe vikae kwenye mstari mmoja.

Mchunga_Depo
Nimekata hivyo, Notepad inasoma vizuri. Ila mistari miwili bado inaangukia ukurasa wa pili.

Yaya_Himbi
Angalia nafasi baada ya kila aya kwenye Word, mara nyingi ni 8. Weka 2, pambizo ziache kwenye sentimita 2.

Mchunga_Depo
Imeingia! Na picha?

Kadutu_Juu
Weka, hapa kwetu wanapenda kuona uso.

Yaya_Himbi
Mimi siweki kama haikuombwa.